Taa ya sola imeanza kuzima mapema? Ikague hivi kabla hujaisingizia betri

Maswali ni yale yale. "Taa yangu ilikuwa inakesha, siku hizi saa tatu usiku imeshazima, betri imekufa?" "Nimeitumia miezi minane, niwaambie wenzangu wainunue au waachane nayo?" Majibu nayo ni yale yale: betri imekufa, nunua nyingine. Mara nyingi jibu hilo si sahihi, na anayeumia ni mtu aliyetupa betri nzima au aliyeiponda taa isiyo na kosa.

Mwongozo huu ni wako kama umekaa na taa ya sola miezi sita au zaidi, mahali ambapo umeme unakatika bila taarifa au haupo kabisa, na sasa unataka kueleza kwa ukweli imekuwaje. Sizungumzii maoni ya wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza kila taa ni nzuri.

Nadharia ni hii tu: taa ya sola ni vitu vitatu. Paneli inavuna, betri inatunza, balbu inatumia. Kikilegea chochote kati ya hivyo, wewe uliyekaa gizani unaona jambo moja tu, kwamba taa imezima mapema. Kwa hiyo kazi yote hapa ni kuvitenganisha hivyo vitatu na kukipima kila kimoja peke yake.

## Andaa hivi kwanza

- Taa yenyewe na paneli yake, bila kuifuta vumbi. Nasisitiza hilo kwa sababu kila mtu huanza kwa kuifuta.
- Boksi au karatasi iliyokuja nayo, kama bado unayo. Kama huna, soma maandishi ya nyuma ya paneli na yale ya kwenye betri.
- Simu yenye saa ya kuhesabu muda na programu ya kupima mwanga kwa laksi. Zipo nyingi za bure. Iwe simu moja, ile ile, tangu mwanzo hadi mwisho.
- Chumba kinachoweza kuwa na giza kabisa.
- Futi au rula, na kipande cha utepe wa kubandika.
- Multimita, ukiweza kuazima. Bila hiyo kazi inawezekana bado, ila hatua ya tano itakuwa ya kukadiria.
- Daftari. Andika muda kwa dakika, usiandike kwa saa. "Iliwaka saa tano" mmoja ataelewa ni muda wa saa tano, mwingine ataelewa ilizima saa tano usiku.
- Siku saba hivi. Hii si kazi ya jioni moja.

## Hatua ya 1: Andika hali ya taa kama ilivyo

Kabla ya kupima chochote, itazame vizuri na uandike. Paneli ina vumbi kiasi gani? Uso wake bado unaonyesha bluu au weusi wa ndani, au umekuwa na ukungu wa njano? Waya umepinda wapi? Swichi unaibonyeza mara moja au mpaka uisihi? Andika pia umeitumiaje: kila usiku au umeme ukikatika tu, kwenye mwanga mkali au mdogo, ilikuwa inachaji simu au la.

Hilo la matumizi lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Taa iliyowaka kila usiku kwa miezi minane na kumalizwa chaji kila mara imefanya kazi karibu mizunguko 240. Ile inayokaa kabatini ikisubiri umeme ukatike huenda haijafika mizunguko 30. Zote zina "miezi minane", lakini si umri mmoja. Na hiyo ya kabatini ina ugonjwa wake: kukaa na betri tupu kwa wiki nyingi.

Taa nitakayoitolea mfano ni yangu mwenyewe. Paneli ya wati 2 imeandikwa volti 5.5, betri ya volti 3.2 na 1500 mAh, na imetumika miezi minane karibu kila usiku. Siku niliyoinunua niliipima na kuandika namba kwenye utepe, nikaubandika chini ya kitako. Utepe huo ndio umenifaa kuliko boksi.

## Hatua ya 2: Jaribio la siku moja

Jaribio hili linajibu swali hili: ukiianika siku moja, mahali pale pale unapoianika siku zote, inakupa dakika ngapi?

Kwanza imalize. Iwashe kwenye mwanga mkali mpaka izime yenyewe. Kesho yake asubuhi ianike kama kawaida yako, usiitafutie jua zuri zaidi kwa sababu unaipima. Usiku ndio unapima:

1. Funga mapazia, zima taa nyingine zote.
2. Ning'iniza taa ielekee chini, sentimita 50 juu ya meza. Weka alama mezani kwa utepe, na simu ikae hapo hapo ikitazama juu. Kihisi cha mwanga huwa upande wa juu wa kioo cha simu, karibu na unapoweka sikio, kwa hiyo usikifunike kwa kava wala kidole.
3. Washa kwenye mwanga mkali. Subiri dakika 15, ndipo uandike laksi ya kwanza. Dakika za mwanzo mwanga hushuka kidogo betri ikitulia na balbu ikipata joto. Ukichukua namba ya sekunde ya kwanza utaionea taa.
4. Soma kila baada ya dakika 15. Ukiona inaanza kushuka haraka, soma kila baada ya dakika 5.
5. Mwanga ukifika asilimia 70 ya namba ya kwanza, andika dakika tangu ulipoiwasha. Hiyo ndiyo namba yako. Endelea mpaka izime ukitaka, lakini hiyo ni namba ya pili.

Kwa nini asilimia 70? Kwa sababu ndiyo alama wanayotumia maabara wanaopima taa hizi kwa utaratibu wa VeraSol, mpango wa kukagua ubora wa vifaa vya sola, na kwa sababu taa nyingi hazizimi ghafla. Zinafifia, zinafifia, halafu zinabaki na mwanga wa kutafutia viatu. Mwenye kuuza atakwambia iliwaka usiku kucha, na si uongo, ila hukuweza kusoma kitu.

Kosa la kawaida: kupima kwa macho. Jicho linazoea giza taratibu. Mwanga unaweza kupungua kwa theluthi nzima ndani ya saa mbili na usitambue. Nilimwomba jirani anibishie. Tukakaa chumbani, akaniambia "bado uko vile vile" wakati simu imeshatoka 109 kwenda 81.

Kosa lingine: kuamini laksi za simu kama namba za kweli. Si za kweli. Simu mbili zikikaa mahali pamoja zinaweza kutofautiana sana. Unachokitafuta hapa ni uwiano, mwanzo dhidi ya mwisho, kwa simu ile ile na umbali ule ule. Umbali nao usicheze: ukiusogeza kutoka sentimita 50 hadi mita 1, mwanga unaofika kwenye simu unabaki robo.

Yangu ilitoa dakika 185. Siku ya kwanza, kwa utepe wangu, ilitoa dakika 340. Nikaona asilimia 54. Hapo ndipo watu wengi wanafunga daftari na kuandika "betri imekufa ndani ya miezi minane". Usifunge.

## Hatua ya 3: Jaza betri mpaka mwisho, upime tena

Sasa unataka kujua betri inabeba kiasi gani ikipewa chakula cha kutosha. Una njia mbili.

Kama taa ina tundu la kuchajia kwa waya wa simu, ichaji kwa chaja ya simu mpaka kitaa cha kijani kiwake, halafu iache saa moja zaidi. Umeme ukikatika katikati si tatizo, utaendelea ukirudi. Usichomeke adapta yoyote uliyoiokota kwenye tundu la paneli. Adapta ya volti 12 inaingia vizuri kabisa kwenye tundu hilo, na inaua taa vizuri vile vile.

Kama haina tundu hilo, ianike siku tatu za jua mfululizo bila kuiwasha hata mara moja. Hata paneli iliyochoka, ikipewa siku tatu, itaijaza betri ndogo. Ndani ya siku hizo tatu tafuta taa nyingine ya kutumia, na uwaambie wa nyumbani. Jaribio langu la kwanza liliharibika kwa sababu mtu aliibeba kwenda nayo chooni, akairudisha kimya kimya.

Kisha rudia jaribio lile lile: chumba kile, umbali ule, mwanga mkali, asilimia 70.

Yangu safari hii ilitoa dakika 310. Gawa kwa 340, unapata asilimia 91. Betri ya miezi minane iliyofanya kazi kila usiku na bado ina asilimia 91 ni betri nzima. Ningekuwa nimeing'oa na kununua nyingine, ningerudi kwenye zile dakika 185 kesho yake.

## Hatua ya 4: Linganisha namba mbili

Uzuri wa njia hii ni kwamba hauhitaji kumbukumbu ya siku ya kwanza. Hata kama hukupima taa ilipokuwa mpya, namba mbili za leo zinaongea zenyewe.

Siku moja ni pungufu sana, betri iliyojaa ni nzuri. Tatizo ni uvunaji: paneli, waya wake au mahali unapoianika. Hii ndiyo ilikuwa yangu, 185 dhidi ya 310.

Zote mbili zinakaribiana, na zote ni fupi. Betri imechoka. Paneli inaijaza, ila tangi lenyewe limekuwa dogo. Utaona dalili nyingine: kitaa cha kijani kinawaka mapema kuliko zamani, hata kabla ya saa sita mchana. Watu hufurahi wakidhani paneli imepata nguvu.

Zote mbili ni ndefu lakini mwanga ni hafifu tangu mwanzo. Angalia balbu na kioo chake. Fananisha laksi ya kwanza ya leo na ya zamani kama unayo. Yangu ilikuwa 118 ikiwa mpya na 109 sasa, yaani asilimia 92. Hiyo si hasara ya kuandikia barua.

Ukitaka kujua betri yako ilipaswa kutoa nini na huna namba ya zamani, boksi litakusaidia kidogo. Tafuta dakika au saa zilizoandikwa kwa mwanga mkali. Namba kubwa iliyo mbele ya boksi karibu kila mara ni ya mwanga mdogo kabisa. Betri iliyojaa ikikupa asilimia 80 au zaidi ya hiyo ya mwanga mkali, mimi siilaumu. Ikishuka chini ya hapo kabla ya mwaka, na hujawahi kuiacha tupu kwa muda mrefu, ninaandika wazi kwamba betri ni dhaifu.

## Hatua ya 5: Pima paneli, ioshe, ipime tena

Fanya hivi siku isiyo na wingu, kati ya saa tano na saa saba mchana. Elekeza paneli kwenye jua moja kwa moja. Njia rahisi: simamisha kalamu wima juu ya uso wake, igeuze paneli taratibu mpaka kivuli cha kalamu kipotee. Hapo inatazama jua uso kwa uso.

Chomoa paneli kwenye taa. Kwenye multimita hamishia waya mwekundu kwenye tundu la ampea 10, zungusha kitufe kwenye ampea za mkondo mnyoofu, kisha gusisha ncha moja katikati ya pini ya paneli na nyingine pembeni yake. Tundu la katikati likiwa jembamba mno, chomeka kipande cha waya safi kwanza. Soma haraka, toa.

Onyo: kipimo hiki ni kwa paneli ndogo tu. Usikifanye kwenye betri hata siku moja. Betri ya lithiamu ikiunganishwa hivyo itaunguza waya, mita au vidole vyako. Na ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti, kwa sababu atakayepima volti baada yako hatajua.

Ampea za kutarajia ni wati gawanya kwa volti zilizoandikwa nyuma. Yangu, 2 gawanya kwa 5.5, ni kama 0.36. Paneli ikiwa kwenye joto kali, volti na wati zake hushuka kidogo chini ya maandishi, hiyo ni kawaida yake, lakini joto si sababu ya ampea kushuka.

Usihangaike sana na volti. Paneli iliyochafuka, hata chini ya wingu, bado itakuonyesha volti karibu zile zile, na wengi hudanganyika hapo: "mbona inatoa volti sita, ni nzima!" Volti inakwambia kwamba mnyororo haujakatika. Ampea ndizo zinakwambia mavuno.

Namba zangu: siku ya kwanza 0.36. Baada ya miezi minane, na vumbi lake, 0.21. Nikaiosha kwa maji na kitambaa laini, bila mchanga wala steli waya, nikaikausha na kupima papo hapo: 0.27. Kwa hiyo vumbi lilikuwa linakula 0.06, na 0.09 iliyobaki imekwenda moja kwa moja. Nilipoigeuza kwenye mwanga nikaiona sababu: uso wake si kioo, ni plastiki ya kumiminwa, na pembeni ilikuwa imeanza kuwa ya njano. Hilo halioshwi. Paneli ya kioo ya ukubwa huo huo isingepata ugonjwa huu, na jambo hili nimeliweka kwenye sentensi ya pili ya maoni yangu kuhusu taa ile.

Kisha kuna kivuli. Weka kidole gumba juu ya kipande kimoja tu cha paneli ukiwa unasoma ampea. Zitaanguka kupita kiasi, kwa sababu vipande hivyo vimefungwa mmoja nyuma ya mwingine, na mmoja akizuiwa anawazuia wote. Sasa fikiria kivuli cha waya wa nguo au tawi dogo. Na kivuli kinahama: njia ya jua angani inabadilika mwaka unavyokwenda, kwa hiyo mahali palipokuwa peupe ulipoifunga paneli panaweza kuwa na kivuli cha paa miezi sita baadaye, na wewe hujagusa kitu. Ya kwangu ilikuwa inaingia kivulini saa nane mchana. Sikuwa na habari, kwa sababu saa nane siko nyumbani. Siku niliyokaa kuitazama ndiyo niliyojua.

Baada ya kuiosha na kuihamisha mita mbili, nikarudia jaribio la siku moja: dakika 275. Kutoka 185. Bila kununua kitu.

Kosa la kawaida hapa: kulinganisha siku ya mawingu na siku ya jua, kisha kulaumu taa. Maabara huhesabu siku ya kawaida kuwa na jua la kilowati-saa 5 kwa kila mita ya mraba, na namba za boksi hutokana na siku kama hiyo. Kipindi cha mvua huenda usipate hata nusu. Kama unapima kipindi hicho, pima mara tatu kwa siku tofauti na uandike zote tatu.

Huna multimita? Angalia kitaa cha kijani. Anza na betri tupu, andika saa kilipowaka. Zamani yangu kilikuwa kinawaka saa tisa alasiri. Kabla ya kuiosha, jua lilikuwa linazama kitaa bado ni chekundu.

## Hatua ya 6: Vitu vidogo vinavyovunjika

Kwa uzoefu wangu, taa nyingi huwekwa kando kwa sababu ya vitu vya plastiki kabla betri yake haijafika mwisho. Vipitie haraka: swichi, mguu au ndoano, kifuniko cha tundu la chaji, na waya pale unapoingilia kwenye pini. Washa taa, itikise. Chomeka paneli, uchezeshe waya karibu na pini huku ukitazama kitaa cha kuchaji. Kikipepesa, waya umekatika ndani ya ngozi yake.

Kama taa inachaji simu, ijaribu kwa betri iliyojaa na simu iliyo chini ya nusu. Andika asilimia ngapi simu ilipanda mpaka taa ikakata. Betri yangu ina wati-saa 4.8 tu, simu janja nyingi zina mara tatu au nne ya hapo. Anayelalamika kwamba taa ya namna hii haijazi simu analalamikia hesabu.

Kifaa chako kikiwa feni au redio, utaratibu ni ule ule: siku moja, kisha betri iliyojaa. Badala ya laksi, chagua kitu kimoja usikibadilishe, mfano redio kwenye sauti ile ile na stesheni ile ile mpaka ikatike, au feni kwenye kasi ya juu mpaka ikupungukie upepo.

## Hatua ya 7: Andika maoni yako

Anza na matumizi, fuata na namba, malizia na mtu gani inamfaa. Haya ndiyo niliyoandika mimi:

*Nimeitumia miezi minane, karibu kila usiku, mwanga mkali, bila kuchaji simu. Paneli ni ya plastiki na imeanza kuwa ya njano. Hata ikiwa safi inatoa robo tatu ya ampea za mwanzo. Betri iliyojaa inawaka dakika 310 kwenye mwanga mkali, ikiwa mpya ilikuwa 340. Kwa jua la siku moja napata dakika 275, ila ilishuka hadi 185 paneli ilipokuwa na vumbi na kivuli. Mwanga haujapungua sana. Swichi ni nzima, waya ulilegea kwenye pini mwezi wa sita wa matumizi nikaufunga kwa utepe. Anayeweza kuianika juani kutwa nzima itamtosha. Anayeianika dirishani asinunue.*

Usiandike "inadumu" wala "ni imara". Andika umeifanyia nini na imekuwaje. Na kama imewahi kuanguka, sema ilianguka kutoka wapi.

## Ikikataa

Haiwaki kabisa baada ya kukaa muda mrefu kabatini. Mara nyingi betri imeshuka chini ya kiwango na kinga yake imejifunga. Ianike siku mbili mfululizo bila kubonyeza swichi. Kama ina tundu la simu, iache kwenye chaja saa kadhaa ukiwa karibu. Ikiamka, pima uwezo wake upya, kwa kuwa kulala tupu kunaiumiza. Taa za dharura zenye betri ya risasi huumia zaidi: zikikaa tupu miezi, mara nyingi haziamki.

Kitaa cha kuchaji hakiwaki, lakini paneli inatoa ampea. Pini au tundu. Tazama kama kuna kutu ya kijani ndani ya tundu, isafishe kwa kijiti kikavu taa ikiwa imezimwa.

Paneli ina volti lakini ampea ni karibu sifuri kwenye jua kali. Waya umebaki na uzi mmoja, au kiungo nyuma ya paneli kimeachia. Fundi wa redio anaweza kukichomelea upya kwa dakika chache.

Dakika zinatofautiana sana kila ukirudia. Kuna mtu anaiwasha mchana, au betri hukuimaliza kabla ya kuanza. Rudi hatua ya pili.

Taa inapunguza mwanga yenyewe baada ya muda mfupi, kisha inatulia. Baadhi zimetengenezwa hivyo kulinda betri. Ikitokea dakika ile ile kila mara, au laksi ile ile, ni tabia yake na uiandike kama tabia.

Kasha limevimba, linapata joto likiwa halichaji, au lina harufu kali tamu. Acha kupima. Itoe nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, usiitoboe wala kuifungua, na usiichaji tena. Betri zenye maandishi ya volti 3.7 ndizo za kuogopa zaidi. Zile za volti 3.2, zenye maandishi LiFePO4, ni pole kidogo, lakini iliyovimba ni iliyovimba.